Karatasi moja mbele ya kabrasha la bodi

Je, wajua kabrasha la bodi lenye kurasa 240 linavyofupishwa likawa karatasi moja ya mkurugenzi mpya asiye mtendaji?

Kosa la kwanza ni kufupisha waraka mmoja baada ya mwingine. Nyaraka 14 zikipewa mistari mitatu kila mmoja, unapata kabrasha dogo tu. Mgeni atajua kila waraka unahusu nini, lakini hatajua bodi inahangaika na nini.

Katibu wa bodi mzoefu huanzia kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Jambo lililoandikwa "linaendelea" vikao vitatu mfululizo huwa ndilo linaloisumbua taasisi, hata kama safari hii halina waraka wake. Kisha hutenga nyaraka za uamuzi na za taarifa. Za taarifa huingia kwenye karatasi pale tu zinapogusa uamuzi.

Tuchukue mfano wa mamlaka ya maji. Waraka wa 4, wa fedha, unasema ankara zimeongezeka. Waraka wa 9, wa ufundi, unasema asilimia 38 ya maji yanayozalishwa hupotea. Waraka wa 11 unaomba idhini ya mkopo wa kununua dira mpya za maji. Nyaraka hizo zimeandikwa na idara tatu ambazo huenda hata hazikusomeana. Kwenye karatasi zinakuwa jambo moja:

"Menejimenti inaomba kukopa shilingi bilioni 2 ili kupunguza upotevu wa maji, ambao ni asilimia 38 (uk. 118). Ankara zimeongezeka, makusanyo hayajaongezeka (uk. 61, hesabu hazijakaguliwa). Waraka hausemi upotevu utashuka kiasi gani. Uliahirishwa Machi kwa sababu hiyohiyo."

Tazama yale maneno "hesabu hazijakaguliwa". Maneno ya namna hiyo ndiyo hudondoka kwanza mtu anapofupisha, na makadirio yakageuka ukweli. Kwa hiyo kila tarakimu irudishwe kwenye ukurasa wake kabla karatasi haijatoka. Halafu mpe mtu asiyeliona kabrasha, umuulize angeihoji nini menejimenti. Akikosa swali, umeandika orodha ya mada.

Karatasi hiyo haimwondolei mkurugenzi wajibu wa kusoma. Mwaka 2011 mahakama ya Australia iliamua kwamba wakurugenzi wa kampuni ya Centro walikiuka wajibu wao kwa kupitisha hesabu za mwaka 2007 zilizoonyesha madeni makubwa ya muda mfupi kana kwamba ni ya muda mrefu. Wingi wa makaratasi haukuwa utetezi, kwani jaji alisema bodi yenyewe ina uwezo wa kuamua iletewe taarifa kiasi gani.

Ndiyo maana chini kabisa ya karatasi hutajwa kurasa ambazo mgeni lazima azisome zenyewe, neno kwa neno: hesabu pamoja na maelezo yake, barua ya mkaguzi wa nje, na waraka wa mkopo mzima.