Imezama, kwa hiyo ni PET? Hapana

Kila mtu anayeanza kusaga chupa za PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda, hapa Dar ana sentensi hii mdomoni: "Vifuniko vinaelea, PET inazama, mchezo umeisha." Nusu ya kwanza ni kweli. Vifuniko ni vyepesi kuliko maji, unavikusanya juu ya tangi na kuviuza peke yake. Tatizo ni hiyo nusu ya pili, maana kuzama si cheti. Mchanga unazama. Vipande vya alumini vinazama. Na PVC, plastiki nyingine ambayo ndiyo adui mwenyewe, inazama bega kwa bega na PET, kwa sababu uzito wao kwa ujazo uleule unakaribia kulingana: PET ni kama 1.38 kwa 1 ya maji, PVC ni kati ya 1.3 na 1.4. Ongeza chumvi, ongeza sabuni, badilisha tangi, hazitaachana.

Mchanga nitaupitia haraka. Chupa zilizotolewa Msimbazi baada ya mvua zisuuzwe kabla ya kusagwa, la sivyo visu vinakwisha na mchanga unakwenda kuziba kichujio cha mnunuzi. Basi.

PVC ndiyo inayonikera. Mnunuzi anayetengeneza uzi anayeyusha PET kwenye joto la nyuzi 270 hadi 285. PVC huanza kuoza mapema, kuanzia nyuzi 200 hivi, na ikioza inatoa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo inakata minyororo ya molekuli za PET iliyo jirani. PET inakuwa legelege, inageuka rangi ya chai, madoa meusi yanatokea, na uzi unakatika unapotoka kwenye vitundu vya mashine. Kwa hiyo kipande kimoja hakiharibu sehemu yake tu, kinaharibu na majirani.

Wanunuzi wengi wanaotengeneza uzi hawataki zaidi ya sehemu 50 za PVC kwa milioni. Hesabu ndogo: hiyo ni gramu 50 kwa tani. Tani moja ya chupa za nusu lita zenye gramu 20 ni chupa 50,000. Lebo ya PVC inayovalishwa chupa nzima kama soksi ina gramu 2 hivi. Lebo 25 tu, katika chupa 50,000, zimekula kiwango chote. Ukisikia mtu anasema "mbili tatu zimepita, si neno", mpe hesabu hiyo.

Kwa hiyo kazi inafanyika mezani, kabla ya mashine. Vua lebo za soksi zote. Ndiyo, nyingine si PVC, lakini hata zile za jamii ya PET zinalainika mapema na kugandisha vipande kwenye kikaushio, kwa hiyo zivue bila kuziuliza. Chupa zenyewe zigeuze chini: ya PET ina kitone katikati ya kitako, ya PVC ina mshono ulionyooka. Ikunje: PVC inaacha mstari mweupe kwenye mkunjo. Alama ya 3 kwenye pembetatu ni PVC, lakini usiitegemee, mara nyingi imefutika. Kipuliza hewa baada ya kusaga kinatoa lebo nyingi nyembamba, mradi vipande vikauke kwanza. Vikiwa na unyevu, lebo inang'ang'ania kipande na kupita nacho.

Kuosha kwenyewe hakuna siri: maji ya nyuzi 80 hadi 85, kostiki soda asilimia 1.5 hadi 2, sabuni isiyotoa povu jingi, dakika 15, kisha suuza mpaka karatasi ya kupimia pH isome karibu na 7. Kostiki ikibaki, nayo inakata minyororo na kuleta manjano. Hakuna kiasi cha kostiki kitakachoitoa PVC, naomba tukubaliane hapo.

Kipimo cha kumalizia ni oveni. Tandaza gramu 500 kwenye sinia, nyuzi 220, nusu saa. PET inakuwa nyeupe, PVC inageuka kahawia au nyeusi. Gundi nayo inageuka kahawia, ndiyo inayochanganya watu. Ukitilia shaka, chukua kipande cha aina hiyohiyo ambacho hakijaokwa, gusisha waya wa shaba uliopashwa moto, kisha urudishe waya kwenye moto: mwali wa kijani unaashiria PVC. Fanya nje, moshi wake ni sumu.

Lakini hata oveni siiamini kikamilifu. Katika gramu 500 zenye kiwango cha 50 kwa milioni, PVC ni milligramu 25, yaani vipande vitatu vinne vya lebo. Ukichota kiroba kimoja unaweza kuvikosa vyote ukatoa cheti cha uongo kwa nia njema kabisa. Chota viroba kumi tofauti, juu, kati na chini, uchanganye, uoke zaidi ya sinia moja. Na andika kwenye kila kiroba chupa zilitoka kwa nani, Mbagala au Pugu, ili sinia likija na madoa ujue meza ipi ya kwenda kuisimamia.