Mechi sita za nyasi za Alcaraz na wazee wa mikeka

Juni ikiingia tu na tenisi ikahamia kwenye viwanja vya nyasi, simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, huyu ana mechi chache za nyasi, nguvu yake ya nyasi iko chini, nisimtie kwenye mkeka, sivyo?" Nikijibu kwamba namba hiyo ya chini haisemi anachodhani inasema, napewa somo: kiwanja ni kiwanja, udongo ni wa udongo, nyasi ni za nyasi, usichanganye. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Sinza alimalizia kwa kuniuliza, "Na Nadal je?" Sasa naandika mara moja, ili mwaka ujao niwe nawatumia kiungo tu.

Tuanze na Rafael Nadal, maana ndiye anayewapoteza wengi. Ana mataji 14 ya Roland Garros, shindano kubwa la udongo kule Paris, ameshinda mechi 112 pale na kupoteza nne. Kwa mtu kama huyo, ukihesabu Elo ya udongo peke yake, yaani namba ya nguvu inayopanda akishinda na kushuka akipoteza, unapata kitu cha maana, kwa sababu nyuma ya namba hiyo kuna mamia ya mechi. Haitokani na kwamba udongo ni dunia nyingine isiyohusiana na viwanja vingine. Mtu huyohuyo alitwaa Wimbledon, ambayo ni ya nyasi, 2008 na 2010. Ukitaka kuona Elo ya kiwanja kimoja inavyodanganya, tafuta mchezaji mwenye mechi chache. Na kwenye nyasi karibu kila mtu ana mechi chache: msimu ni majuma machache ya Juni na Julai, na katika mashindano tisa ya Masters 1000 sita yako kwenye viwanja vigumu, matatu kwenye udongo, na hakuna hata moja kwenye nyasi.

Basi tumchukue Carlos Alcaraz, Juni 2023, asubuhi ya mechi yake ya kwanza Queen's, shindano la nyasi la London. Alishatwaa US Open 2022 na kushika namba moja duniani. Kwenye nyasi, katika ngazi ya juu, alikuwa na mechi sita tu, zote za Wimbledon. Mwaka 2021 alishinda moja, kisha Medvedev akamtoa. Mwaka 2022 alishinda tatu, kisha Sinner akamtoa. Kushinda nne, kupoteza mbili.

Chukua Elo ya nyasi ya kawaida: kila mtu anaanza na 1500, na K, yaani ukubwa wa hatua baada ya kila mechi, inapungua kadiri mechi alizocheza, `n`, zinavyoongezeka kwa kanuni ya `250/(n+5)^0.4` ambayo wengi wetu tunaitumia. Ili tusizame kwenye hesabu, jaalia wapinzani wote sita walikuwa na 1500 za nyasi. Ukimpitisha kwenye mechi zake kwa mpangilio, anatoka na takribani 1570. Tuseme Elo yake ya jumla, viwanja vyote pamoja, ni 2150.

Mzee wa mikeka anaiangalia 1570 anasema, "Umeona? Nyasi hawezi." Mwenye busara kidogo anachukua nusu kwa nusu, mchanganyiko maarufu sana, na anapata 1860. Sasa mpe mpinzani mwenye 1900 kila mahali. Kwa mchanganyiko huo, Alcaraz ana uwezekano wa asilimia 44. Kwa Elo ya jumla ana asilimia 81. Kwa Elo ya nyasi tupu ana asilimia 13. Mtu mmoja, asubuhi moja, na majibu matatu ambayo hayawezi kukaa meza moja.

Tunajua kilichofuata. Alitwaa Queen's, akaenda Wimbledon akaitwaa pia kwa kumfunga Djokovic seti tano. Lakini sitaki mtumie matokeo hayo kama ushahidi, shindano moja au mawili hayathibitishi modeli yoyote. Tatizo lilikuwa linaonekana asubuhi ile kabla hajapiga mpira.

Ile 1570 si kipimo cha uwezo wa Alcaraz kwenye nyasi. Ni 1500 ya kuanzia, iliyosukumwa kidogo na mechi sita. Hiyo 1500 tuliiweka sisi, kwa maana ya "hatujui". Ukiichanganya na 2150 iliyojengwa kwa mechi nyingi, unajumlisha ujuzi na kutojua, halafu unagawanya kwa mbili. Dereva wa daladala aliyekaa njia ya Mbagala miaka kumi, ukimpa ya Tegeta leo hasahau usukani. Atakosea vituo, lakini humwanzishi kama mwanafunzi wa udereva. Ndiyo maana watu wanaobishana nami kama uzito uwe 50 kwa 50 au 60 kwa 40 wananichosha. Hakuna uzito mmoja utakaomfaa mwenye mechi sita na mwenye mechi mia tatu, maadamu kianzio ni kibovu.

Dawa ni kuacha kuhesabu Elo nne zinazojitegemea, ya jumla na ya kila kiwanja. Hesabu nguvu moja ya jumla, kisha kwa kila kiwanja weka tofauti inayoanzia sifuri. Nguvu ya mtu kwenye nyasi ni jumla yake kuongeza tofauti yake ya nyasi. Baada ya kila mechi vyote viwili vinasogea:

```python
ra = jumla_a + tofauti_a[kiwanja]
rb = jumla_b + tofauti_b[kiwanja]
p = 1 / (1 + 10 ** ((rb - ra) / 400))
jumla_a += 24 * (s - p)
tofauti_a[kiwanja] += 12 * (s - p)
```

Hapo `s` ni 1 akishinda na 0 akipoteza. Mpinzani anapata kinyume chake. Hizo 24 na 12 ndizo uzito wenyewe. Asiyejulikana kwenye nyasi anachukuliwa kama alivyo kwingine, na tofauti inakua pale tu matokeo ya nyasi yanapopingana na tulichotarajia.

Mpitishe Alcaraz tena. Uwezekano ninaouweka hapa ni wa mfano. Mechi ya kwanza 2021 alitarajiwa kushinda kwa 0.7, akashinda: tofauti inapanda 3.6. Dhidi ya Medvedev, aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya waliopangwa, kijana wa miaka 18 ana 0.15. Anapoteza, anakatwa 1.8 tu, kwa sababu hakuna aliyeshangaa. Mechi tatu za 2022 za 0.8 kila moja zinampa 7.2 kwa pamoja. Kwa Sinner, mpe 0.6, anapoteza, anakatwa 7.2. Jumla ya yote ni karibu 2 juu ya sifuri. Yaani mechi zote sita za nyasi zilisema: huyu kwenye nyasi ni yuleyule. Nguvu yake inabaki karibu 2150, na uwezekano unabaki karibu asilimia 81.

Sasa msiruke upande wa pili mkasema jumla inatosha. Casper Ruud alicheza fainali ya Roland Garros 2022 na 2023. Wimbledon ya miaka hiyohiyo aliondoka raundi ya pili mara zote mbili, na 2023 aliyemtoa ni Liam Broady, aliyeingia kwa kadi ya mwaliko. Ukimpima Ruud kwa jumla tupu utamkadiria juu mno kila Juni, kwa sababu jumla yake imetoka kunenepeshwa na udongo wiki chache tu kabla.

Angalia modeli ya tofauti inavyomshughulikia. Akipoteza mechi aliyopewa 0.85, jumla inakatwa zaidi ya 20 na tofauti ya nyasi inakatwa kama 10. Zile 20 atazirudisha kwingine kabla mwaka haujaisha. Zile 10 hazina pa kurudishwa, zinamsubiri hadi Juni ijayo. Mwaka ukifuata akapoteza tena, zinaongezeka. Doa la nyasi linajengeka hivyo, polepole.

Polepole mno, labda. Hapa mimi mwenyewe sina usingizi mzuri. Kwa mechi chache kiasi hicho kwa mwaka, hatua ya 12 inaweza kuchukua nusu ya maisha ya mchezaji kumtambua. Ukiipandisha hadi 30, kila mwenye bahati ya wiki moja anageuka bingwa wa nyasi. Ninachofanya ni kuianzisha juu kidogo kisha kuishusha kadiri mechi za kiwanja hicho zinavyoongezeka. Pia naruhusu matokeo ya kiwanja kigumu yasogeze tofauti ya nyasi kwa nusu ya hatua, kwa kuwa kwenye vyote viwili mpira wa kuanzia wenye kasi unalipa kuliko kwenye udongo. Matokeo ya udongo hayagusi tofauti ya nyasi. Ile nusu ni makadirio yangu, si kitu nilichokichonga kwenye jiwe.

Kupima kama uzito una akili, usitumie asilimia ya mechi ulizotabiri sawa. Aliyesema 0.51 na aliyesema 0.95 wanapata tiki ileile. Tumia hasara ya logi: kwa kila mechi chukua `-log(p)` ya aliyeshinda, kisha wastani. Chagua hatua zako kwa miaka ya zamani, zijaribu kwa miaka ambayo modeli haijaiona. Na tafadhali, pima kila kiwanja peke yake. Mechi za viwanja vigumu ni nyingi mno. Ukiweka yote kwenye kapu moja, uzito wako wa nyasi unaweza kuwa takataka na wastani usitikisike.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kidogo tena. Chukua wiki mbili za kwanza za nyasi kila mwaka, watenge wenye tofauti kubwa ya udongo, kisha linganisha ushindi uliotabiri na ushindi waliopata. Ukiwa umetabiri zaidi ya walichopata, na ikajirudia mwaka baada ya mwaka, ushindi wa udongo unavuja kupitia jumla kwenda kwenye nyasi. Punguza ile 24, ongeza ile 12. Ukiona kinyume chake, umewaadhibu kupita kiasi.

Limebaki jambo ambalo hakuna uzito utakaolitatua. Tunaandika "udongo" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini Madrid iko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari na mpira unakimbia, wakati Roma iko chini na mpira unasimama ukusubiri. Nimejaribu kuipa Madrid tofauti yake, nikajikuta na mashindano ya wiki chache kwa mwaka, yaani tatizo lilelile la nyasi, dogo zaidi na baya zaidi. Kwa sasa nazihesabu mechi za Madrid kama udongo kwa robo tatu na kiwanja kigumu kwa robo. Mwenye hoja bora ya hiyo robo aniandikie, ila asianze na Nadal.