Mbele au nyuma? Dhana potofu kuhusu gharama za unyambuaji wa kiotomatiki

Mto Ruaha Mdogo hushuka kutoka nyanda za Mufindi, hupita Iringa mjini, kisha huungana na Ruaha Mkuu kabla ya kufika bwawa la Mtera. Mtu anayetaka kukadiria maji yake hutengeneza kielelezo kwenye kompyuta: kinapokea mvua ya kila siku pamoja na vigezo vichache, kinatoa mtiririko wa kila siku. Baada ya hapo maswali yote huwa ya aina moja. Nikigusa hiki kidogo, kile kitasogea kiasi gani? Hicho ndicho kinyambuo, na maktaba za programu kama JAX na PyTorch hukikokotoa zenyewe kwa unyambuaji wa kiotomatiki, ama kwa kwenda mbele ama kwa kurudi nyuma. Gharama za njia hizi mbili ndizo zinazowachanganya wengi.

Tuchukue kielelezo chepesi kabisa, kile kinachouona udongo wa bonde kama ndoo yenye tundu. Ndoo ina maji S. Kila siku sehemu k ya maji hutoka kwenda mtoni, na sehemu c ya mvua P huingia:

```
S[t] = (1 - k) * S[t-1] + c * P[t]
Q[t] = k * S[t]
```

Namba zifuatazo ni za kubuni, ili hesabu ifuatike kwa kalamu. Ndoo inaanza na milimita 50, k ni 0.1, c ni 0.5, na mvua ya siku tatu ni 10, 0 na 20. S inakuwa 50, halafu 45, halafu 50.5. Mtiririko Q ni 5, 4.5 na 5.05.

Dhana: Kompyuta inasogeza kigezo kidogo, inarudia hesabu, kisha inatoa tofauti.

Huo ni mtindo mwingine kabisa, na una kasoro zake. Ongeza k kutoka 0.1 hadi 0.11, urudie hesabu: mtiririko wa siku ya tatu unakuwa 5.41298. Ukitoa 5.05 na kugawa kwa 0.01 unapata takriban 36.3, ilhali jibu kamili ni 37.45. Ukipunguza hatua, kosa hilo linapungua, lakini ukiipunguza mno, tarakimu ambazo kompyuta imezikata mwishoni zinaanza kutawala jibu. Unyambuaji wa kiotomatiki hausogezi chochote. Unachukua kila operesheni ndogo ndani ya programu (kujumlisha, kuzidisha) na kutumia kanuni yake ya unyambuo papo hapo, kwa namba halisi zilizopo wakati huo.

Dhana: Kurudi nyuma ndiyo njia ya kisasa, kwa hiyo ndiyo ya haraka siku zote.

Imani hii imeletwa na mitandao ya neva, ambako uzito ni mamilioni na kosa la kupunguzwa ni namba moja tu. Hapo kurudi nyuma hakuna mpinzani. Ila mto wetu unaweza kuulizwa swali la namna nyingine: kigezo k kikibadilika, mtiririko wa kila siku ya mwaka utabadilika vipi? Ingizo ni moja, matokeo ni 365.

Kwenda mbele ni kubeba namba mbili badala ya moja. Kila S inatembea na mwenzake, dS, anayesema S inasogea kiasi gani k ikisogea. Kanuni yake inatoka moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza wa kielelezo: dS ya leo ni 0.9 mara dS ya jana, toa S ya jana. Mwanzo dS ni 0. Siku ya kwanza ni −50. Siku ya pili ni −45 toa 50, yaani −95. Siku ya tatu ni −85.5 toa 45, yaani −130.5. Kwa mtiririko, dQ ni S ya siku hiyo kuongeza 0.1 mara dS, hivyo tunapata 45, 35.5 na 37.45.

Angalia kilichotokea: mkupuo mmoja wa hesabu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, umejibu kwa siku zote tatu, na siku zingekuwa 365 bado ungekuwa mkupuo mmoja. Ukitaka pia athari za c na za maji ya mwanzo, unaongeza mikupuo miwili. Jumla mitatu, na kila mmoja unagharimu kama mara mbili au tatu ya kukokotoa mto wenyewe. Kurudi nyuma hujibu kwa tokeo moja kila mara, kwa hiyo majibu hayo hayo ya siku 365 yangedai mikupuo 365. Anayeyakokotoa hivyo atapata jibu sahihi, ila atasubiri bure.

Dhana: Maingizo mengi ni gharama kubwa, hakuna namna.

Sasa geuza swali. Vipimo vya mvua hukosea, na pengine unataka kujua kosa la siku ipi linauvuruga zaidi mtiririko wa siku ya mwisho. Tokeo ni moja, maingizo ni mvua ya kila siku ya mwaka. Kwa kwenda mbele ungelazimika kuanza upya kwa kila siku, mara 365.

Kurudi nyuma kunaanzia kwenye jibu na kuuliza kila hatua: wewe ulichangia kiasi gani? Mtiririko wa siku ya tatu ni 0.1 mara S ya siku hiyo, kwa hiyo uzito wa S hiyo ni 0.1. S ya siku ya pili iliingia humo ikiwa imezidishwa kwa 0.9, uzito wake ni 0.09. Ya kwanza ni 0.081. Mvua inaingia kwenye ndoo ikiwa imezidishwa kwa 0.5, hivyo athari za mvua ya siku ya tatu, ya pili na ya kwanza ni 0.05, 0.045 na 0.0405. Mkupuo mmoja umezitoa zote, na za vigezo zinapatikana humo humo bila kuanza safari nyingine. Kwa k unachukua 50.5 ya mstari wa mwisho, kisha unatoa kila uzito mara S ya siku iliyotangulia: 0.1 × 45, 0.09 × 50, 0.081 × 50. Inabaki 37.45, ile ile tuliyoipata kwa kwenda mbele. Ulinganifu huo ni kipimo kizuri cha kazi: njia mbili zikitofautiana kuanzia tarakimu za mwanzo, kuna kanuni iliyoandikwa vibaya mahali fulani.

Kwa idadi ya operesheni, mkupuo wa kurudi nyuma hauzidi kama mara tano ya kukokotoa tokeo lenyewe, maingizo yawe kumi au milioni. Watu wengi hawaamini wakisikia hivyo mara ya kwanza. Si jambo jipya, hata hivyo: Seppo Linnainmaa aliiandika njia hii mwaka 1970 huko Helsinki, na hakuwa akishughulika na mitandao ya neva bali na namna makosa ya kukata tarakimu yanavyojikusanya ndani ya hesabu ndefu.

Kwenye JAX maswali yetu mawili yanaandikwa hivi:

```python
import jax, jax.numpy as jnp

def mto(k, mvua, c=0.5, s=50.0):
    q = []
    for p in mvua:
        s = (1 - k) * s + c * p
        q.append(k * s)
    return jnp.stack(q)

mvua = jnp.array([10.0, 0.0, 20.0])
jax.jacfwd(mto)(0.1, mvua)                 # 45, 35.5, 37.45
jax.grad(lambda m: mto(0.1, m)[-1])(mvua)  # 0.0405, 0.045, 0.05
```

Mstari wa `jacfwd` unakwenda mbele, wa `grad` unarudi nyuma.

Dhana: Kurudi nyuma kukiwa na bei hiyo, hakuna gharama nyingine.

Ipo, nayo iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Rudi kwenye hesabu ya k hapo juu. Tulihitaji 45, kisha 50, kisha 50, yaani maji ya ndoo kwa mpangilio wa kinyume. Namba hizo zilikokotolewa wakati wa kwenda, kwa hiyo ilibidi zitunzwe mpaka wakati wa kurudi. Kwa mvua hatukuzihitaji, kwa sababu mvua inazidishwa na c tu. Popote ambapo vitu viwili vinavyobadilika vinazidishana, kurudi nyuma hudai thamani za zamani. Kwenda mbele hakutunzi kitu: ukishapata S ya leo na dS yake, za jana unazitupa.

Kwa ndoo moja na siku 365 hii si shida. Sasa ligawe bonde lote katika vipande 10,000, uendeshe kielelezo kwa saa badala ya siku. Mwaka una saa 8,760. Kila namba ikichukua baiti 8, kutunza S peke yake ni megabaiti 700. Kielelezo cha kweli kina uvukizi, upenyaji wa maji ardhini na mengine, tuseme namba kumi kwa kila kipande kila saa, na hapo unafika gigabaiti 7. Laptop ya gigabaiti 8 haitoboi. Dalili yake haifichiki: programu inamaliza safari ya kwenda vizuri, kumbukumbu ikipanda taratibu muda wote, halafu inakufa kabla ya kutoa kinyambuo hata kimoja. Ukifupisha kipindi kuwa mwezi mmoja, inafanya kazi bila tatizo.

Dawa yake ni kutotunza kila kitu. Unahifadhi hali ya bonde kila baada ya hatua 94 hivi, ambayo ni karibu na kipeuo cha pili cha 8,760. Wakati wa kurudi unachukua hali iliyohifadhiwa, unakokotoa upya hatua zile 94 tu, unarudi nyuma juu yake, unazitupa, kisha unahamia kipande kinachotangulia. Gigabaiti 7 zinashuka hadi chini ya megabaiti 200, na unacholipa ni takriban safari moja zaidi ya kwenda. Kwenye JAX kazi hii hufanywa na `jax.checkpoint`, lakini lazima wewe uamue hatua zigawanywe wapi. Ukiizungushia hesabu nzima mara moja bila kuigawa, haikusaidii kitu.

Dhana: Hesabu maingizo, hesabu matokeo, fuata upande wenye idadi ndogo.

Ni mwongozo mzuri, si sheria. Idadi zikikaribiana, kwenda mbele hushinda kwa sababu hakuna cha kutunza. Hata pale tokeo likiwa moja na vigezo vikiwa vitano au kumi, kwenda mbele mara nyingi huwa sawa au haraka zaidi, maana kurudi nyuma kunabeba kazi ya kuandika na kusoma kumbukumbu ambayo hesabu ya operesheni haiionyeshi. Anayesawazisha k, c na maji ya mwanzo kwa kupunguza kosa la mtiririko ana maingizo matatu na tokeo moja. Kwa kuhesabu tu angerudi nyuma. Kwenye bonde la vipande 10,000, mikupuo mitatu ya kwenda mbele itammalizia kazi kwenye laptop ile ile iliyokwama.