"Breki zangu ziko vizuri": dhana potofu kuhusu umbali wa kusimama

Ukitoka Dar kwenda Morogoro kwa gari dogo, utapishana na vibao vya 50 karibu kila penye makazi, na kila dereva ana sababu zake za kuona kibao hakimhusu. Mmoja breki zake ni mpya. Mwingine barabara anaijua. Wa tatu hupunguza akiwashiwa taa na wanaotoka mbele kuwa kuna tochi, akishampita trafiki anakanyaga mafuta kama kawaida. Ukizichambua hoja hizo, nyingi zinatokana na imani moja: kwamba gari huanza kusimama pale hatari inapoonekana.

Dhana: "Breki zikiwa nzuri, gari linasimama papo hapo."

Breki nzuri haziwezi kufanya kazi kabla mguu haujazifikia. Mtoto anapochomoka nyuma ya daladala lililosimama, jicho lazima limwone, akili itambue kuwa anavuka, uamuzi ufanyike, kisha mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Kwa dereva aliye macho na anayetazama mbele, shughuli hiyo huchukua kama sekunde 1. Muda wote huo gari linakwenda kwa mwendo uleule wa mwanzo, halijapungua hata kidogo. Hatua hiyo ndiyo umbali wa kufikiri.

Kuupata ni rahisi: gawanya mwendo wa kwenye mshale kwa 3.6, upate mita ambazo gari linakata kwa sekunde. Kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14. Kilomita 100 kwa saa ni kama mita 28. Breki mpya, breki chakavu, gari la milioni mia au mkweche, mita hizo hazibadiliki.

Hiyo sekunde 1 nayo ni ya kumpendelea dereva. Wahandisi wanaosanifu barabara hukokotoa kwa sekunde 2 hadi 2.5, kwa sababu wanajua watu huchoka, hushtuka, na huona vibaya usiku. Aliyeinamia simu kusoma ujumbe kwa sekunde 2 akiwa kwenye 80 ameshakata mita 44 bila kuona kitu, na hesabu ya kufikiri haijaanza.

Dhana: "Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama nao ni mara mbili."

Hii inawanasa hata watu wenye akili za hesabu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Umbali wa kufikiri kweli huongezeka mara mbili. Umbali wa breki, yaani kuanzia breki zinapokamata hadi magurudumu yanapotulia, huongezeka mara nne.

Chukua gari dogo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu, breki zikafungwa kwa nguvu zote. Mwendo utashuka kwa kama kilomita 25 kwa saa kila sekunde. Anayeanza na 50 atahitaji sekunde 2 kufika sifuri, na kwa kuwa mwendo wake unashuka kutoka 50 hadi 0, wastani wake ni 25, ambayo ni kama mita 7 kwa sekunde. Sekunde 2 mara mita 7 ni mita 14. Anayeanza na 100 atahitaji sekunde 4, na wastani wake ni 50, yaani mita 14 kwa sekunde. Sekunde 4 mara mita 14 ni mita 56. Muda umekuwa mara mbili, na wastani wa mwendo ndani ya muda huo umekuwa mara mbili pia. Mbili mara mbili, nne.

Wanaopenda kuiona kwa kanuni, v ikiwa ni mwendo kwa mita kwa sekunde, t muda wa kufikiri, na a kasi ya breki kupunguza mwendo (hapa karibu mita 7 kwa sekunde, kila sekunde):

```
d = v × t + v² / (2 × a)
```

Kipande cha kwanza kina v moja, cha pili kina v mara v. Kwenye 50 vipande hivyo vinalingana, mita 14 na 14, jumla 28. Kwenye 80 ni 22 na 35, jumla 57. Kwenye 100 ni 28 na 56, jumla 84. Mwendo umekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara tatu, na kadiri unavyozidi kuchapa mwendo ndivyo kipande cha breki kinavyoutawala umbali wote.

Itazame hiyo 100 sekunde kwa sekunde, maana hapa ndipo penye jibu la dhana inayofuata. Katika sekunde ya kwanza ya breki mwendo unashuka kutoka 100 hadi 75, na gari linakula mita 24. Ya pili, mita 17. Ya tatu, mita 10. Ya mwisho, kutoka 25 hadi kusimama, mita tatu na nusu tu. Breki zinapunguza kiasi kilekile cha mwendo kila sekunde, lakini barabara nyingi inaliwa mwanzoni, wakati mshale bado uko juu. Dereva hujikuta mita chache kabla ya kizuizi huku gari likiwa bado na mwendo mkubwa.

Dhana: "Nimezidisha kumi tu, hainidhuru."

Weka kivuko cha pundamilia cha kijijini. Mtoto anaingia barabarani mita 28 mbele ya gari. Aliyekuwa kwenye 50 anasimama bampa ikiwa karibu kumgusa. Atatukana, ataondoka.

Sasa aliyekuwa kwenye 60. Wengi tungekisia kuwa atafika pale akiwa kwenye 10, kwa kuwa alizidisha 10. Umbali wake wa kufikiri ni karibu mita 17, kwa hiyo zimebaki mita 11 za kufunga breki, ilhali yeye anahitaji 20. Ukizipiga hesabu mita hizo 11, mwendo anaofika nao kwa mtoto ni kilomita 40 kwa saa. Siyo 10, ni 40. Kugongwa kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mita 6.

Aliyekuwa kwenye 70 anagonga akiwa kwenye 58 hivi. Wa 80 anagonga kwenye 73 au 74, yaani breki zimemsaidia kidogo mno. Na wa 100? Mita 28 ndizo hizohizo za umbali wake wa kufikiri. Anamfikia mtoto mguu ukiwa ndiyo kwanza unagusa pedali, na anamgonga kwa 100 kamili. Breki zake, ziwe nzuri namna gani, hazijaingia kwenye habari hii kabisa.

Hicho kibao cha 50 ndicho kimesimama kwenye mpaka huo. Kikiwa 30, kama karibu na shule, umbali wote unakuwa mita 13 tu.

Dhana: "Gari likibeba mzigo linakamata barabara, linasimama haraka."

Wapo wanaosema hivyo, na wapo wanaosema kinyume chake kwa uhakika uleule. Uzito unaongeza kazi ya kusimamisha gari, na kwa kiwango hichohicho unayakandamiza matairi chini yapate msuguano zaidi. Viwili hivyo vinafutana, ndiyo maana kwenye kanuni hapo juu hakuna uzito popote. Lakini hiyo ni kama breki zina uwezo wa kuushika mzigo ule. Gari dogo lililojazwa kupita kiasi mara nyingi halina.

Lori lina shida zake za ziada. Breki za upepo huchelewa kidogo, kwa kuwa hewa lazima isafiri kwenye mabomba mpaka kwenye tela, na raba ya tairi la lori hushika lami kidogo kuliko ya gari dogo. Kwenye mteremko kama wa Kitonga linaongezeka joto: dereva akikalia breki badala ya kushuka na gia ndogo, zinachemka, na breki iliyochemka unaikanyaga mpaka chini bila jibu la maana. Anayelichomekea lori mbele na kufunga breki anadhani lile lina umbali sawa na wake. Halina.

Dhana: "Gari langu lina ABS."

Kazi ya ABS ni kuzuia magurudumu yasijifunge, ili usukani uendelee kukutii wakati umekanyaga kwa nguvu zote. Kwenye lami iliyolowa huweza kufupisha umbali, kwenye changarawe huweza kuurefusha, kwa kuwa gurudumu lililojifunga huchimba na kujikusanyia kokoto mbele yake. Msuguano kati ya tairi na barabara ABS haiongezi. Ukiwa na matairi vipara kwenye mvua, uwezo wa breki unaweza kushuka hadi nusu, na zile mita 35 za kwenye 80 zikawa 70. Jumlisha 22 za kufikiri.

Dhana: "Alama za tairi zinaonyesha pale dereva alipoona hatari."

Hii husikika baada ya ajali, watu wamejaa barabarani, mmoja anaonyesha michirizi myeusi na kusema jamaa alizembea akachelewa kuiona hatari. Michirizi huanza pale magurudumu yalipojifunga. Hatari aliiona nyuma zaidi, na umbali wa kufikiri hauachi alama yoyote kwenye lami. Ukikuta michirizi ya mita 20 kwenye lami kavu na gari limesimama lenyewe bila kugonga kitu, unaweza kurudi kinyume kwenye kanuni na kupata mwendo wa karibu 60, na sehemu aliyoanza kuishughulikia hatari iko mita 17 nyuma ya mchirizi wa kwanza. Gari likiwa limeishia kwenye ukuta au kwenye gari jingine, hiyo 60 ni kiwango cha chini tu, maana mwendo uliobaki uliishia kwenye bati lililokunjamana. Na gari lenye ABS huenda lisiache michirizi ya maana hata kidogo, kwa hiyo lami safi haithibitishi kwamba breki hazikukanyagwa.