Nyumba za nguzo, mabomba ya juu na pikipiki za theluji: jinsi ya kuutambua mji wa Aktiki kwenye picha

Wanaocheza michezo ya kubahatisha mahali kwa kuangalia picha za barabarani, na hata wanaohakiki picha zinazosambazwa mitandaoni, wana alama tatu wanazozikimbilia wakikuta mji wa baridi kali: nyumba zilizosimama juu ya nguzo, mabomba manene yanayopita juu ya ardhi, na pikipiki za theluji zilizoegeshwa nje. Zikionekana zote tatu, jibu la haraka huwa ni Aktiki au maeneo yaliyo jirani nayo. Mara nyingi ni kweli, lakini alama hizo hazina uzito sawa, na anayejua sababu ya kila moja hufika mbali zaidi ya kusema tu "huku ni kaskazini".

Sababu kubwa iko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Siberia, kaskazini mwa Kanada, Alaska na visiwa vya Svalbard ina ardhi iliyoganda daima, yaani udongo au mwamba ambao joto lake halipandi juu ya nyuzi 0 kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Kwa kweli kwingi imeganda kwa maelfu ya miaka. Tabaka la juu tu ndilo linaloyeyuka kila majira ya joto, pengine nusu mita, pengine mita moja au mbili, kisha linaganda tena. Chini ya hapo udongo umechanganyika na barafu, na barafu hiyo ndiyo inayoufanya uwe mgumu kama zege. Ikibaki imeganda, unaweza kujenga ghorofa juu yake. Ikiyeyuka, unabaki na tope.

Sasa fikiria nyumba inayopashwa joto usiku na mchana kwa miezi tisa, imelazwa moja kwa moja juu ya ardhi hiyo. Ni kama kuweka sufuria ya moto juu ya donge la barafu. Joto linashuka kupitia sakafu, barafu ya chini inayeyuka, na kwa kuwa haiyeyuki sawasawa pande zote, nyumba inainama. Dawson City, katika jimbo la Yukon nchini Kanada, yapo majengo ya mbao ya enzi za kukimbilia dhahabu yaliyozama hivyo hivyo mpaka yakaegemeana, na mji umeyaacha yalivyo ili watu wajionee.

Kwa hiyo kazi ya nguzo si kuinua nyumba ili ionekane juu. Kazi yake ni kuacha nafasi ya hewa. Upepo wa baridi unapita chini ya sakafu, unaondoa joto linalovuja, na ardhi inabaki imeganda. Nguzo zenyewe hupigwa chini kabisa kuvuka tabaka linaloyeyuka, zikashikwa na udongo ulioganda. Zikiishia juu mno, tabaka la juu linapoganda upya linavimba, linazikamata nguzo na kuzivuta kwenda juu kidogo kidogo kila mwaka. Ndiyo maana picha ya mji wa namna hii mara nyingine huonyesha ngazi iliyopinda au kibaraza kilichoachana na nyumba: nyumba imeshikwa kule chini, kibaraza hakikushikwa.

Hapa msomaji wa kwetu ana haki ya kuuliza: nyumba za nguzo si zipo pia Ganvié kule Benin, Makoko jijini Lagos, na kwenye mabonde ya mafuriko duniani kote? Zipo, na ndiyo sababu nguzo peke yake haitoshi. Angalia sehemu iliyobaki ya nyumba. Mahali pa joto, madirisha ni makubwa, kuta nyembamba, na chini ya nyumba watu wanapumzika, wanaanika nguo au wanafunga mtumbwi. Mahali pa baridi, madirisha ni madogo, kuta ni nene, na mlangoni kuna kijichumba cha kuingilia ili hewa ya baridi isivamie ndani. Kipo pia kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote: vidato vya ngazi vya chuma chenye matundu kama wavu. Theluji inadondoka kupitia matundu hayo badala ya kurundikana na kumwangusha mtu. Ukiviona hivyo kwenye picha ya Julai isiyo na hata chembe ya theluji, tayari umeambiwa jambo.

Tuje kwenye mabomba. Sababu ni ile ile, imegeuzwa tu. Bomba la maji ya moto likifukiwa litayeyusha ardhi inayolishikilia, litalegea na kupasuka. Bomba la maji baridi likifukiwa mahali hapo litaganda. Suluhisho ni kuyapitisha yote juu, yakiwa yamefungwa kwa nyenzo za kuzuia baridi na kufunikwa kwa bati. Kila mji una mtindo wake, na hapo ndipo bomba linapokuwa msaada kuliko nguzo. Inuvik, mji wa Kanada uliojengwa miaka ya 1950 karibu na delta ya mto Mackenzie, una makasha marefu ya bati yanayopita nyuma ya nyumba yakiwa juu ya nguzo fupi, na ndani yake mna mabomba ya maji safi na ya majitaka. Yakutsk, huko Urusi, mabomba makubwa ya kupasha joto yanafuata barabara na yakifika kwenye njia ya magari yanapanda juu, yanavuka kama lango, kisha yanashuka tena.

Lakini lango hilo la bomba limewapoteza wengi. Miji mingi ya Urusi, Ukraina na Kazakhstan isiyo na ardhi iliyoganda daima nayo ina mabomba ya juu, kwa sababu ndivyo wapangaji wa enzi ya Kisovieti walivyoona ni rahisi kuyajenga na kuyatengeneza. Mabomba membamba ya rangi ya njano ni ya gesi, na hayasemi lolote kuhusu udongo. Kipimo changu ni kuangalia miguu ya ghorofa zilizo karibu. Ukiona vidirisha vidogo vya chumba cha chini vikichungulia usawa wa ardhi, futa Yakutsk: watu wamechimba kwenda chini, na kwenye ardhi yenye barafu hawangethubutu. Ukiona ghorofa zimesimama juu ya nguzo za zege na mwanga unapenya upande wa pili, basi una ardhi iliyoganda. Kwa Yakutsk kuna nyongeza ambayo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ataiona kabla ya wengine: barabarani mmejaa magari ya Kijapani yaliyotumika, usukani kulia, ingawa Urusi wanaendesha upande wa kulia wa barabara.

Kukosa mabomba nako si ushahidi wa kinyume. Makazi mengi ya Nunavut, Kanada, hayana mtandao wa mabomba. Lori la maji linajaza tangi la kila nyumba na lori jingine linanyonya majitaka. Huko tafuta malori hayo, na kishikizo cha kuunganishia mpira kwenye ukuta wa nyumba.

Pikipiki ya theluji ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Inakuambia kwamba theluji inakaa muda mrefu, basi. Utaikuta Quebec, Minnesota, Ufini na Uswidi, mahali ambapo nyumba zina vyumba vya chini na misitu imezunguka. Inapata nguvu ikiwa nyingi mno, mbele ya kila nyumba, tena katikati ya majira ya joto, zikiwa zimewekwa juu ya mbao ili zisikae kwenye changarawe.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo nguzo zinavyoongezeka. Tromsø, Norwei, iko zaidi ya nyuzi 69 kaskazini, na nyumba zake zimekaa chini kwa misingi ya kawaida, kwa sababu bahari inapashwa joto na mkondo unaotoka kusini. Murmansk, karibu na latitudo hiyo hiyo, nayo ni hivyo. Yakutsk iko nyuzi 62 tu, sawa na Tórshavn kwenye visiwa vya Faroe, ambako wastani wa Januari uko juu ya sifuri. Yakutsk mwezi huo wastani uko chini ya nyuzi -35. Kwa hiyo alama hizi zinapima udongo na bahari, hazipimi umbali kutoka Ncha ya Kaskazini.

Tuchukue picha moja tuifuatilie. Bonde la rangi ya kahawia, milima mikavu yenye vilele bapa, hakuna mti hata mmoja. Safu ya nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka, moja nyekundu, nyingine ya njano, nyingine ya kijani, zote juu ya nguzo na hewa inapita chini. Kando ya barabara kuna bomba nene kwenye miguu mifupi. Pikipiki za theluji zimepangwa kwenye changarawe. Kwa kukosa miti, Inuvik imetoka, maana iko karibu na ukingo wa msitu na ina misonobari myembamba. Yakutsk imetoka pia. Anayekumbuka rangi za nyumba atataka kusema Greenland, lakini miji ya huko imejengwa juu ya mwamba mtupu unaotokeza kila mahali, nyumba zina misingi ya zege iliyofuata mabonde ya mwamba, na mabomba yako juu kwa sababu mwamba haupasuki kirahisi. Hapa chini ni changarawe na udongo.

Kisha juu ya mteremko kunaonekana minara mizee ya mbao iliyojipanga kuelekea bandarini. Ilibeba nyaya zilizoning'iniza ndoo za makaa ya mawe kutoka mgodini. Hapo kesi imekwisha: ni Longyearbyen, Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, mji ulioanzishwa mwaka 1906 na kampuni ya makaa ya Mmarekani John Munro Longyear.

Picha hiyo hiyo inaweza hata kukisiwa umri. Tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlima Sukkertoppen, ikazikumba nyumba 11 na kuua watu wawili. Nyumba hazikurudishwa pale, na mlimani zikajengwa safu za uzio wa chuma wa kuizuia theluji isiteleze. Mteremko ulio juu ya nyumba ukiwa mtupu, picha ni ya zamani. Ukiwa na mistari ya uzio, ilipigwa baada ya maafa yale.