Makohozi hayaishi na TB haipo: maswali kuhusu bronkiektasisi

"Daktari, nina miaka 41, nakaa Mbagala. Niliugua TB mwaka 2016, nikamaliza dawa. Sasa kila asubuhi natoa makohozi karibu robo kikombe. Nimepimwa tena, TB hakuna. CT skani inasema bronkiektasisi. Yanatoka wapi?"

TB ilipona, ila iliacha kovu. Baadhi ya njia zako za hewa zimepanuka na hazirudi tena; hiyo ndiyo bronkiektasisi. Ukutani mwa njia hizo kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma ute kwenda juu. Vikiharibika, ute unatuama. Bakteria huzaliana humo, mwili unapambana nao, uvimbe unazidi kuharibu ukuta, na ute unaongezeka. Kwa hiyo dawa za kuzuia kikohozi hazikufai. Wewe unahitaji kutoa, siyo kuzuia.

"Nitayatoaje?"

Kaa wima, mabega yamelegea. TB hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na sehemu hiyo humwaga ute vizuri ukiwa umekaa. Kama CT inaonyesha sehemu ya chini, mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha namna ya kulala.

Anza kwa kupumua taratibu kwa tumbo, dakika moja hivi. Kisha vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja uishikilie sekunde tatu, halafu uiachie bila kuisukuma. Pumzika tena. Sasa vuta pumzi ya kawaida, fungua mdomo na koo, toa hewa kwa nguvu kama unatia kioo ukungu, ukikaza tumbo. Mara moja au mbili, basi. Ute ukifika juu, kohoa na uteme kwenye chombo chenye kifuniko.

Rudia mzunguko huo kwa dakika 10 hadi 20, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Mipulizo miwili mfululizo ikitoka mikavu, umemaliza. Ukisikia kizunguzungu, unavuta pumzi ndefu nyingi mno. Kifua kikianza kupiga filimbi, unapuliza kwa nguvu kupita kiasi.

"Yakibadilika rangi ninunue antibayotiki duka la dawa?"

Hapana. Wengine makohozi yao ni ya njano hata siku nzuri, kwa hiyo linganisha na kawaida yako. Yakiongezeka, yakawa mazito au ya kijani, ukachoka au kuhema zaidi kwa siku mbili, nenda hospitali. Toa sampuli ya kuoteshwa maabara kabla ya kidonge cha kwanza, na TB ipimwe tena: antibayotiki ya siprofloksasini na jamaa zake huweza kuificha. Matibabu kwa kawaida ni siku 14, na dawa hubadilishwa majibu ya maabara yakidai. Usafishaji wa kifua uuongeze siku hizo.

Ukikohoa damu inayofika kijiko cha chakula, usisubiri asubuhi. Acha mazoezi, nenda idara ya dharura.