Picha ya lebo ya uzi: yanayoaminika na ukweli wake

"Namba ya rangi ikilingana, uzi ni uleule." Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Chukua mama wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anayefuma vitambaa vya makochi, donge la mwisho linakaribia kuisha. Anaipiga picha lebo na kumtumia muuza nyuzi wa Makoroboi, jijini Mwanza: 100% ACRYLIC, 100 g, 280 m, COLOR 148, LOT 6032. Dukani 148 ipo, ila LOT yake ni 6117. "Ipo mama, nakupakilia kwenye meli." Hapo ndipo pa kumzuia kwanza.

148 ni rangi katika orodha ya kiwanda. LOT ni mkupuo wa nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, na kila mkupuo hutofautiana kidogo kwa maji, joto na kipimo cha dawa. Madonge mawili yakiwa mkononi huenda usione kitu. Yakishafumwa yakapakana, mpaka unajichora wenyewe. Akikosa 6032 kabisa, aanze kuchanganya kabla uzi wa zamani haujaisha: safu mbili za zamani, mbili za mpya. Au uzi mpya aufanye pindo la vitambaa vyote, ionekane alikusudia. Mimi ningechagua pindo.

"Picha inaonyesha rangi yenyewe." Haionyeshi. Simu hurekebisha mwanga kivyake, na taa ya duka huongeza lake. Kwenye picha tafuta namba. Hata hizo zina mtego: LOT mara nyingi hugongwa kwa wino baada ya lebo kuchapwa, hivyo hufifia, na lebo ikiwa imezunguka donge, 6032 husomeka 6082. Mwombe muuzaji aivue lebo, ainyooshe, aipige kivulini mchana, kisha aitume kama faili ili isipungue ubora. Namba za chini ya mistari ya bakodi zisikuchanganye. Kwa kawaida hazitaji mkupuo. Lebo za Kituruki huandika Renk kwa rangi, na mkupuo huweza kuitwa Parti.

"Gramu ni unene." Gramu ni uzito wa donge tu. Donge la 50 g lenye 140 m lina uzi wenye unene sawa na wa 100 g lenye 280 m, mradi zote ni akriliki. Pamba ni nzito zaidi, kwa hiyo kwa vipimo hivyohivyo uzi wake hutoka mwembamba.

"Jina lina neno wool, basi ni sufu." Soma mstari wa asilimia, jina la biashara liache. Lebo ikiwa imechanika, choma kipande kifupi juu ya sahani, ukikishika kwa kibano: akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba huungua kama karatasi. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili mbili kwa pamoja, na asilimia zake huwezi kuzijua kwa moto.